Miezi mitatu na savei za kulipwa na kutesti apu: nilichopata na nilichokiona hapa Kirumba

Mi ni wakala wa kutoa na kuweka hela hapa Kirumba, Mwanza, kibanda changu hakiko mbali na soko la dagaa la Mwaloni, na asubuhi dagaa zikishuka nakuwa sina hata nafasi ya kunywa chai ila kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi wateja wanakatika kabisa. Hayo masaa mawili ndo yalinifanya nianze kujaza savei kwenye simu, maana kila siku nilikuwa naona watu wakisema wanaingiza elfu hamsini kwa siku kwa kujibu maswali tu. Nikaamua nijaribu kwa miezi mitatu na kila kitu niandike kwenye daftari langu lile lile la float, muda niliotumia, bando na nilichopata. Naandika hapa maana watu wengi wananiuliza, na wengine wanakuja kibandani kwangu wakiwa wameshaliwa.

Nianze na ile ambayo ni ya kweli na rahisi kuliko zote, savei za meseji. GeoPoll wanafanya hizi Tanzania na nchi nyingine za Afrika, meseji inakuja kwa Kiswahili, unajibu kwa namba tu, 1 ndiyo 2 hapana, kujibu hakukukati salio, na ukimaliza wanakurushia vocha. Maswali ni ya kawaida, redio gani umesikiliza jana, familia yako inanunua unga wa aina gani, umri, mkoa. Kwa miezi mitatu nilipata mialiko 9 nikamaliza 4, na kila moja ilinipa vocha ya kama 1,000. Yaani 4,000 ya vocha, siyo hela mkononi. Lakini ilikuja, hakuna aliyeniomba namba ya siri wala kunitaka niweke kitu kwanza.

Sasa kwa nini 9 nikamaliza 4 tu? Hapa ndo watu wengi wanakasirika wanasema wameibiwa, na mimi pia nilikasirika mpaka nilipoelewa kazi yenyewe inavyokwenda. Anayelipia savei ananunua majibu ya watu wa aina fulani kwa idadi fulani, mfano wanawake 100 wa miaka 18 mpaka 24 wa Kanda ya Ziwa. Maswali ya mwanzo yale ya umri, jinsia na mkoa ndo yanakuchuja, na hata kama unafaa, wakishafika 100 wewe wa 101 unaambiwa asante savei imejaa. Kwa hiyo kukatwa kwenye swali la tatu ni kawaida kabisa. Kukatwa baada ya dakika kumi na mbili, umeshajibu karibu yote, hiyo siyo haki na inatokea, lakini bado siyo ushahidi kwamba ni matapeli.

Kundi la pili ni zile tovuti kubwa za kimataifa unazojisajili halafu wanakupangia savei za makampuni mengine. Niliyotumia siitaji jina. Unapata pointi, pointi 1,000 ni dola 1, na huwezi kutoa mpaka ufikishe dola 10. Nilianza savei 31, nikamaliza 8. Muda wote niliokaa nao, pamoja na zile nilizokatwa, ni masaa 11, nikapata dola 4.35. Ukichukua dola kwa 2,500 ili hesabu iwe rahisi ni kama 10,900, gawa kwa masaa 11 inakuja chini ya 1,000 kwa saa. Na kumbuka mle ndani nilitumia mabando matatu ya wiki ya 3,000, sema na mimi bando natumia na kwa mambo mengine kwa hiyo sitaki kusema yote yaliliwa na savei. Mpaka miezi mitatu inaisha sijafika hata nusu ya hiyo dola 10, hela ipo pale inaonekana kwenye skrini ila siwezi kuigusa.

Kitu kingine ambacho nilikiona nimechelewa ni njia ya kutolea. Nilifungua pochi ya mtandaoni ya kimataifa, nikaunganisha kila kitu, kuja kuangalia vizuri akaunti yangu inaruhusiwa kutuma na kununulia vitu tu, kupokea hairuhusiwi kwa nchi niliyojisajilia. Hakikisha hilo KABLA hujajibu swali hata moja, usije ukafikisha dola 10 ndo unagundua hazina mlango wa kutokea. Na usidanganye nchi ili upate savei nyingi, wala usitumie vipiene, wenyewe wanaona unapoingilia na siku unayotaka kutoa ndo wanafunga akaunti. Hata umri ukiandika 27 leo na kesho 31 wanalinganisha. Kuna na maswali ya mtego katikati, limeandikwa kabisa "hapa chagua nakubali kidogo", ukibonyeza haraka haraka bila kusoma umetoka.

Haya, kutesti apu. Hapa ndo palinishangaza maana ndo hela nzuri kidogo niliyopata, na ndo pia penye hatari zaidi. Kuna kampuni kama UserTesting ambazo zimejulikana kwa kulipa dola 10 kwa testi ya dakika 20 hivi, unafungua tovuti au apu ya mtu huku unaongea kwa sauti unachofikiria na skrini inarekodiwa. Hiyo ni kazi halali, ila inataka kuongea Kiingereza bila kukwama na sehemu tulivu, na mimi nina boda boda na wapakiaji dirishani. Pia unachujwa vile vile kama savei, kwa hiyo usichukue dola 10 ukazidisha mara tatu kwa saa ukasema ndo mshahara.

Mi nilipata kazi nyingine. Kuna kijana mmoja mteja wangu, anasoma chuo, ametengeneza apu ya kuandika madeni ya duka. Google wana sheria tangu mwisho wa 2023 kwamba mtu binafsi mwenye akaunti mpya ya kuweka apu Play Store lazima kwanza apate watu wa kuijaribu kwa siku 14 mfululizo, mwanzo walitaka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha mpaka 12. Kwa hiyo vijana wanaotengeneza apu wanatafuta watu 12 kwa tochi, na wengine wanalipa. Huyu alinilipa 5,000, akanipa 2,500 mwanzo na nyingine siku ya 14 ikiisha. Nilimpa jimeili yangu tu (siyo nywila!), akaiweka kwenye orodha yake, akanitumia linki inayoanza hivi:

```
https://play.google.com/apps/testing/
```

halafu jina la apu linafuata. Nikabonyeza kukubali kuwa mjaribu, nikaishusha kutoka Play Store yenyewe, nikawa naifungua kila siku naandika madeni ya kweli ya wateja wangu. Siku ya tano nikaona ukiandika 12500 bila mkato inasoma vizuri ila ukiandika 12,500 inasoma 12. Nikampigia picha skrini nikamtumia, alifurahi sana. Labda kwa siku zote 14 nilitumia saa moja na nusu. Ukijitoa siku ya nane unamharibia, maana wanahesabu waliokaa mfululizo, ndo maana nusu ya hela analipa mwisho na naona ni sawa.

Kwa hiyo ukiambiwa kuna kazi ya kutesti apu, angalia inashushwa wapi. Testi ya kweli ya namna hii inapita Play Store. Ukitumiwa faili la apu kwenye wasapu, ukiliweka linaomba ruhusa ya kusoma meseji zako, likatae hapo hapo, meseji ndo zinabeba namba za uthibitisho za benki na za laini. Na ukiambiwa kazi ni kuweka nyota tano, hiyo siyo kutesti. Kwenye testi ya kufungwa kama ile yangu maoni yanaenda kwa mwenye apu peke yake, hayaonekani hadharani, sasa nyota za nini? Hapo unauziwa kazi ya kudanganya watu, na Google wanazikataza.

Sasa hili la mwisho ndo linaniuma, zile kazi za mtandaoni ambazo unatakiwa uweke hela kwanza. Kijana mmoja anapakia dagaa pale Mwaloni, mdogo wangu kabisa kiumri, alikuja ananiambia dada niwekee 30,000 kwenye namba hii. Nikaweka, likaja jina la mwanaume. Kesho yake akarudi na furaha, wamemrudishia 39,000, na kabla ya hapo walishampa 2,000 kwa kubonyeza laiki tu. Akaweka 85,000, safari hii namba nyingine, jina la mwanamke. Siku iliyofuata akaja na 240,000, ameikopa, anasema amepangiwa "kazi ya mkupuo", salio lake limeenda hasi na lazima alijaze ndo atoe laki nne na kitu anazoziona kwenye skrini. Namba ya tatu, jina la mtu wa tatu.

Nikakataa kuiweka. Nikamwambia mdogo wangu kaa hapo kwenye benchi, waandikie kwenye grupu lao la Telegramu kwamba hiyo 240,000 waikate kwenye hizo laki nne zako, wakupe inayobaki. Kama hela ipo kweli watashindwa nini kuikata? Akaandika. Wakamjibu mfumo hauruhusu, akaandika tena, dakika tano hazikupita wakamtoa kwenye grupu, simu yuko nayo mkononi anaangalia. Alinyamaza muda mrefu. Ile 2,000 na 9,000 ya faida ndo chambo yenyewe, ukiitoa kwenye 85,000 aliliwa 74,000, na yeye kubeba gunia analipwa kwa gunia. Zile namba tatu tuliziripoti kwenda 15040.

Jumla yangu kwa miezi mitatu basi ni vocha 4,000, hela mkononi 5,000, na dola 4.35 ambazo bado zimekaa kule. Savei za meseji naendelea nazo zikija. Ile tovuti nimeifuta. Kutesti nimeshamwambia yule kijana wa chuo aniunganishe na wenzake, na wiki ijayo kuna mwingine anaanza siku zake 14, apu ya ratiba za vivuko, bado tunabishana yeye anataka kutoa 3,000 mi nataka 5,000.