Nimelipa laki na ishirini kwa dakika tatu za Kiingereza

Biashara yetu inawaunganisha wakulima wa nyanya wa Ilula na mama ntilie na wenye magenge wa Dar. Tulipopata dakika 3 mbele ya wawekezaji, tena kwa Kiingereza, nilijua nimebanwa. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikaandika maneno yangu kwa Kiswahili, nikatafuta mfasiri.

Wa kwanza alichukua elfu 30 na kurudisha tafsiri usiku uleule, neno kwa neno. Salamu kwa waheshimiwa peke yake zilikula nusu dakika.

Wa pili alitaka 120,000, na kabla ya kugusa kitu akanipigia simu. "Kaka, hii milioni 40 unayoita mapato ya mwezi, inabaki kwenu au inapita tu?" Inapita. Sisi tunakata kamisheni ya asilimia 6, yaani milioni 2.4. Yule wa kwanza alikuwa ameiandika kwa neno ambalo mwekezaji angelielewa kuwa milioni 40 yote ni yetu. Wangeomba hesabu, na ningeonekana tapeli. Dada huyu akazitenganisha: nyanya zilizouzwa kupitia kwetu, kisha kile kinachobaki mfukoni mwetu. Kwa swali hilo tu, hela yake ilikuwa halali.

Salamu akaacha moja. Halafu akampandisha juu mama wa Buguruni niliyekuwa nimemficha katikati, anayefungua tenga na kukuta nyanya za chini zimepondeka zote. Pale nilipoandika "tunaomba mtushike mkono", alisema kwa Kiingereza ingesikika kama naomba sadaka. Akaweka kwamba tunakusanya milioni 150 kwa kuuza hisa, ili tununue kreti za plastiki badala ya matenga, na gari moja. Mwanzoni niliona ni ukavu. Nilipoisoma mara ya tatu nikaizoea.

Lawama ninayo. Maneno yangu 260 yalirudi 410. Najua "tutakapowalipa" ni neno moja kwetu na Kiingereza kinataka manne, lakini nilipojipima kwa saa ya simu nilimaliza kwa dakika 3 na sekunde 40, na pumzi imeniishia. Hakuwa ameisoma kwa sauti hata mara moja. Nikamrudishia, akapunguza hadi 330 bila kuongeza bei, na akabadilisha maneno mawili yaliyokuwa yananigonga ulimi.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri hadi mzee mmoja alipouliza mkulima atazuiwaje asimuuzie dalali anayefika shambani na pesa mkononi. Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Nilijibu kwa Kiswahili, mwenzangu akatafsiri kwa kubabaisha. Nitarudi kwa dada yule, ila safari hii nampelekea na majibu ya maswali.