Swali la ufafanuzi: alama za msomaji au jaribio la matokeo?

Programu ya tiketi inapewa ombi lenye utata wa makusudi: "Nikatie tiketi ya Moshi kesho, basi la saa mbili." Mtunzi wa jaribio ameficha maana mbili: asubuhi na usiku. Programu inapaswa kuuliza swali la ufafanuzi, nasi tunataka kupima kama swali hilo linafaa.

Ukipima kwa vigezo, msomaji hutoa alama za ufupi, adabu na uwazi. Ni haraka, lakini "Ungependa kusafiri vipi?" litapata alama nzuri bure.

Ukipima kwa matokeo, lijibu swali mara mbili, mara moja kwa kila maana iliyofichwa. Majibu yakifanana, bado haijulikani tiketi ikatwe ya basi lipi, hivyo swali limeshindwa. "Asubuhi au usiku?" linapita. Njia hii naiamini zaidi, ingawa haioni lugha ya ukali. Changanya pia maombi yaliyo wazi, la sivyo programu inayouliza kila kitu itaonekana bora.