Full Page ya iPad: uzoefu wangu, na hasira zangu za steshenari

Naanza na nyota moja, ila nisomeni mpaka chini, maana naweza kuzibadilisha.

Full Page ni ile njia ya iPad ya kupiga picha ya skrini ya ukurasa mzima wa tovuti, siyo kile tu kinachoonekana kwenye kioo. Ukurasa niliotaka ulikuwa mwongozo wa parachichi, wa zile shamba za Rungwe na Njombe, una jedwali refu la dawa na miezi ya kupulizia. Kikundi kinautaka kwenye karatasi, umewekwa alama. Kwenye Safari unabonyeza kitufe cha juu pamoja na cha kuongeza sauti (iPad yenye kitufe cha Home, kitufe cha juu na Home), unagusa kipicha kinachotokea pembeni, unachagua Full Page, unachora, kisha unahifadhi kwenye Files. Inatoka PDF, siyo picha. Maandishi yanabaki maandishi: unayakuza hadi uchoke na hayafifii.

Nikaipeleka steshenari moja Mwanjelwa. Kikatoka kitu chembamba katikati ya A4, pembeni kote peupe. Kijana wa mashine akakiinua juu wateja wote waone: "Kaka, hii ni karatasi au utepe wa kupimia nguo?" Kisha akadai hela yake.

Sababu iko wazi, na yeye ndiye alipaswa kuijua. Full Page haikati kurasa. Inatengeneza ukurasa mmoja tu, mrefu kama tovuti yenyewe. Kama urefu ni mara 11 ya upana, mashine ikiulazimisha uenee kwenye A4 yenye urefu wa milimita 297, upana unabaki kama milimita 27. Hakuna jicho la kusoma hapo. Na dawa ipo kwenye kompyuta yake mwenyewe: Adobe Reader, dirisha la kuprinti, kitufe cha Poster. Unashusha asilimia mpaka upana uingie karatasi moja, na urefu unajikata wenyewe kwenye karatasi kadhaa. Inaweza kupasua mstari wa jedwali katikati, sawa, lakini inasomeka. Yeye akanijibu, "Faili lako ndivyo lilivyo." Mtu anakaa na programu hiyo kutwa nzima!

Kama unajua mapema kwamba utaprinti, achana kabisa na Full Page. Gusa alama ya kushiriki, kisha Print. Usitafute printa. Kwenye onyesho la kurasa, weka vidole viwili juu ya ukurasa wa kwanza uvitanue. Linafunguka kama PDF ya kawaida yenye kurasa zilizokatwa. Gusa tena alama ya kushiriki, chagua Save to Files. Hapo ndipo uanze kuchora, siyo kabla. Alama ulizoweka kwenye Full Page haziji huku, kwa sababu Print inauchukua ukurasa upya kutoka Safari. Ukitanguliza kuchora, unachora mara mbili.

Kuchora kwenyewe sina ugomvi nako. Fungua faili kwenye Files, gusa alama ya kalamu. Ile kalamu pana ya njano ndiyo ya jedwali, kwa kuwa maneno yanaonekana chini yake. Alama ya kujumlisha inakupa maandishi ya kuchapa, na kwa kidole ni bora uchape, mwandiko wa kidole hausomeki na mtu wa pili.

Nyota mbili, basi. Na kwa kusoma kwenye kioo tu, bila karatasi, nne kabisa: jedwali linashuka moja kwa moja bila kukatwa, Print haiwezi hivyo.

Halafu kuna mapengo. Picha nyingi za tovuti hazipakuliwi mpaka ufike zilipo, kwa hiyo Full Page ukiipiga ukiwa juu unapata maboksi matupu huko chini. Shuka taratibu mpaka mwisho, rudi juu, ndipo upige. Kwa mtandao wetu wa huku, mvua ikianza, subiri zaidi. Tangazo la vidakuzi lifunge kwanza, la sivyo litakaa juu ya maneno yako milele. Njia ya Reader ya Safari, siyo ile ya Adobe, inabakiza makala tu na kufuta takataka hizo, lakini angalia kama jedwali limebaki, maana wakati mwingine linaondoka nazo.

Kilichonirudisha kwenye nyota moja ni namba za simu. Ukifunika namba kwa kalamu nyeusi ndani ya PDF, wino unakaa juu tu, namba bado iko chini yake. Anayepokea anaweza kuyachagua maandishi na kuyanakili. Ya kuficha piga picha ya skrini ya kawaida, funika kwa kalamu nzito (ile pana ya njano hapana), hifadhi, tuma picha hiyo. Hapo tu ndipo picha inaishinda PDF.