Mafuta ya nazi au ya nyonyo: chupa mbili za nywele

Chupa ya kwanza ina mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto, na matone machache ya mafuta ya karafuu. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele, kwa hiyo yanazifaa nywele zinazokatika kila zinapooshwa. Yapake usiku, osha asubuhi. Yakiganda na kuwa meupe usidhani yameharibika: chini ya nyuzijoto 24 hivi ndivyo yalivyo, na ukiiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu yatayeyuka.

Chupa ya pili ni nyonyo tupu, nzito kama asali. Yenyewe hukaa juu ya unywele na kuzuia unyevu usitoke, basi ni ya nywele za kipilipili zilizo kavu, na ipakwe zikiwa bado na majimaji. Nywele nyembamba itazilemea. Ikinata mno, changanya kijiko kimoja cha nyonyo na viwili vya nazi. Kwamba inaotesha nywele sikuandika kwenye lebo, kwa sababu halijathibitishwa.

Tarehe ya bechi iko chini ya kila chupa. Yakianza kunuka kuchacha, yatupe hata kama tarehe ni ya karibuni.

Karafuu ndiyo inayonitia wasiwasi, maana huwasha baadhi ya ngozi. Paka tone la mafuta ya chupa ya kwanza upande wa ndani wa kiwiko, usioshe kwa saa 24, kisha angalia tena baada ya 48. Ukiona wekundu, mwasho au vipele, osha na usiyapake kichwani. Nyonyo nayo ijaribu hivyo hivyo.