Miezi minane nikirekodi harusi kwa Blackmagic Camera

Harusi ya kwanza niliyolipwa niliirekodi kwa kamera ya kawaida ya simu yangu, nayo ikaniletea lawama. Tulikaa sebuleni kwa wenyewe, televisheni kubwa, soda mezani, na hapo ndipo nilipoona mistari myeusi ikipanda polepole ukutani nyuma ya maharusi, tangu wanaingia ukumbini mpaka keki. Kwenye kioo cha simu sikuwa nimeiona kabisa. Shangazi wa bibi harusi akaniuliza, "Mwanangu, hii kanda imeliwa na panya?"

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi, hasa zile za LED za bei ya chini, hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini simu haichukui fremu nzima kwa mpigo mmoja. Inaisoma mstari kwa mstari. Shata, yaani muda ambao kila mstari unapokea mwanga, ikiwa fupi mno, mistari mingine inakuta taa inang'aa na mingine inakuta imefifia. Shata ya 1/50 inameza mapigo mawili kamili ya taa, ya 1/100 inameza moja, na hapo kila mstari unapata mwanga uleule. Kamera ya simu yangu ilikuwa inajichagulia shata yenyewe, na ukumbi ulipowaka sana ikaifupisha.

Ndiyo sababu nikahamia Blackmagic Camera. Ni programu ya bure ya kurekodi video inayokuachia uweke shata mwenyewe, ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa Android mwaka 2024, ila si kila Android inaikubali, kwa hiyo jaribu kuipakua kwanza kabla hujapokea malipo ya mtu. Juu ya kioo utaona FPS, yaani idadi ya fremu kwa sekunde, SHUTTER, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, na WB, yaani mizani ya rangi nyeupe. Mimi nikifika ukumbini naweka FPS 25 na SHUTTER 1/50, kisha siigusi tena shata mpaka tutoke nje.

Nikupe mfano wa Jumamosi moja mwezi uliopita. Kanisani taa zilikuwa za manjano, lakini mlangoni jua linaingia. Bibi harusi alipotokea mlangoni, kamera ya kawaida ingeshtukia gauni jeupe na kugeuza sura za watu kuwa makaa. Nilikuwa nimewahi nusu saa, nikamwomba mmoja wa wasimamizi asimame madhabahuni ameshika kitambaa cheupe. Nikawasha zebra, yaani milia inayotokea kwenye kioo mahali palipoungua kwa mwanga, nikashusha ISO mpaka milia ikatoka kwenye kitambaa. WB nikaiweka kwa mkono, karibu 3200. Tulipohariri, gauni lilikuwa na mikunjo yake na shela ilionekana nyuzi. Rangi haikuruka hata mara moja, na kwangu hilo peke yake limeniokolea jioni nzima ya kusahihisha kipande kwa kipande.

Kutoka nje ndipo panapochosha. Lenzi ya simu yangu haifumbi tundu lake, kwa hiyo juani, hata ISO ikiwa chini kabisa, 1/50 inaunguza kila kitu. Kuna vioo vyeusi vya kubandika kwenye lenzi, sina. Ninachofanya ni kufupisha shata mpaka 1/500 au zaidi, kwa kuwa jua halipepesi. Watu wakicheza mwendo unakatakata kidogo, lakini hakuna aliyewahi kulalamika. Kosa langu ni kusahau kuirudisha 1/50 tukiingia tena ndani. Siku moja nimeharibu dakika sita za kwaya kwa njia hiyo.

Nafasi ya kuhifadhi video nayo iandae. Kwa kiwango ninachotumia, dakika moja inakula kama MB 300, saa moja ni GB 18, na ibada ya harusi si ya saa moja. Simu naiweka kwenye hali ya ndege, maana kupigiwa simu katikati ya viapo ni balaa, na narekodi kwa vipande vya dakika 20 huku nimeichomeka kwenye pawabenki.

Kuna kitu programu hii haiwezi: taa za rangi za dijei. Zile zina mapigo yake zenyewe, hazifuati hezi 50, na 1/50 haizitulizi. Unaweza kusogeza shata kidogokidogo huku ukitazama ukuta mweupe, mara nyingine mistari inasimama, kisha akibadilisha rangi inarudi. Siku hizi namfuata dijei kabla ya keki, namwomba awashe taa nyeupe za ukumbi kwa dakika tano tu. Wengi wanakubali. Wa juzi alikubali, kisha keki ilipoletwa akazima zote.