Odi ipi ya kununua: kupima kampuni zetu kwa bei ya kufunga ya Pinnacle

Jumamosi asubuhi pale Kondele, Kisumu, vijana hulinganisha odi za kampuni mbili tatu kwenye simu na kuchukua iliyo kubwa. Si vibaya, ila odi inayozishinda zenzake bado inaweza kuwa ghali, kwa sababu kampuni zote zinaweza kuwa zimebana bei pamoja. Kinachohitajika ni kipimo cha nje.

Kipimo ninachokiamini ni Pinnacle, kampuni ya kubeti ya nje. Inapokea dau kubwa, inajiwekea faida ndogo, na haina desturi ya kuwafukuza wanaoshinda. Kwa hiyo pesa za wajuzi huisukuma bei yake hadi filimbi ya kwanza, na bei ya mwisho, yaani ya kufunga, inakuwa imeshabeba habari za majeraha na vikosi. Huhitaji akaunti huko. Unahitaji kuisoma bei tu, na tovuti za kulinganisha odi huionyesha.

Tuseme mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza imefunga pale kwa 2.05 nyumbani, 3.60 sare na 3.80 ugenini. Gawa 1 kwa kila odi: 48.8%, 27.8% na 26.3%. Jumla ni 102.9%, na hiyo 2.9% ya ziada ni faida ya mwenye duka. Zidisha 2.05 kwa 1.029, unapata 2.11. Hiyo ndiyo odi ya haki ya timu ya nyumbani, na ndiyo unayolinganisha nayo, si 2.05. Wengi huteleza hapa: wanaona 2.08 kwa kampuni yetu, wanashangilia, kumbe bado wananunua kwa hasara.

Tuseme kwa mechi hiyo kampuni yetu ya kwanza ilikuwa na 2.00, ya pili 2.12, ya tatu 2.20. Ya kwanza inakula zaidi ya shilingi 5 katika kila mia. Ya pili ni karibu sare. Ya tatu inakupa kama 4.3% juu ya haki. Bei ya kufunga lakini huijui unapobeti. Unaponunua, pima kwa bei ya Pinnacle ya dakika ileile. Ya kufunga iandike baadaye kando ya odi uliyochukua. Mechi moja haisemi kitu, lakini mikeka mia ikionyesha kwamba kwa kawaida ulichukua odi iliyo juu ya ile ya haki, unanunua vizuri hata kama mwezi huo umepoteza.

Sasa kodi, ambayo watu huisahau. Tangu Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2025, ushuru ni 5% ya unachoweka kwenye akaunti ya kubeti, na 5% nyingine ya unachotoa. Ukiweka shilingi 1,000, ukabeti zote mara moja kwa faida ile ya 4.3% kisha ukatoa, wastani wako ni kama 941. Faida ya namna hiyo hulipia kodi baada ya pesa kuzunguka karibu mara mbili na nusu bila kurudi M-Pesa. Kuweka na kutoa kila wikendi kunaua odi nzuri.

Kwa mpangilio wangu, cha kwanza kununua ni odi za kawaida za ligi kubwa, mshindi au jumla ya mabao, hasa pale habari ya kikosi imetoka, Pinnacle imeshasogea na kampuni laini bado imelala. Dirisha hilo ni fupi. Ukilitumia mara nyingi, kampuni nyingine zitakukatia kiwango cha dau.

Cha pili ni odi zilizopandishwa kwa promosheni. Nyingine zinapita haki kweli, ila dau huwekewa kikomo, kwa hiyo faida yake ni ndogo kwa shilingi.

Cha tatu, mechi za ligi yetu. Gor Mahia ikicheza, kipimo hiki kinalegea, kwa maana soko la ligi ndogo lina pesa kidogo za wajuzi na bei ya kufunga inaweza kukosea. Anayejua timu kwa undani anaweza kuliona kosa mapema, lakini hana ushahidi wa haraka kwamba yuko sahihi. Tahadhari hiyohiyo iende kwa odi za 10 na zaidi popote pale: hesabu niliyoonyesha hugawa faida ya duka sawasawa, wakati kwa kawaida timu dhaifu hubebeshwa zaidi, hivyo thamani unayoiona huko mara nyingi ni kivuli.

Cha mwisho ni multibeti. Faida ya duka ya 6% katika kila mechi, ukiunganisha mechi tano, hujizidisha hadi unabaki na takriban shilingi 75 za haki kwa kila mia. Bonasi ya asilimia kadhaa juu ya ushindi haizibi pengo hilo, isipokuwa kila mechi ndani ya mkeka imepita kipimo peke yake.