Shingo ya Chaja ya Laptopu: Namna ya Kukunja Waya Usikatike kwa Ndani, na Vifungio Vinne Mezani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna adapta ya laptopu ya wati 65, ile iliyoandikwa mgongoni volti 19.5 na ampia 3.33. Pembeni yake kuna vifungio vinne vya waya: kiwaya kilichovishwa plastiki ambacho chaja huja nacho, mpira wa kufungia noti, tai ya plastiki, na utepe wa velkro. Tutavipima vyote. Lakini kabla ya vifungio lazima tuangalie waya wenyewe, kwa sababu kifungio kizuri hakiwezi kuokoa waya uliokunjwa vibaya.

Nasogeza kamera. Huu ni waya mwembamba unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye laptopu. Nimeuchana kwa wembe ili muone ndani. Wengi wanadhani humu mna waya mbili zilizolala sambamba, nyekundu na nyeusi. Sivyo. Katikati kuna waya wa chanya wenye ganda lake, na kuuzunguka pande zote kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa kama soksi. Hizo ndizo hasi. Juu yake ndiyo linakuja hili ganda jeusi tunalolishika kila siku. Sasa fikirini: ukiupinda waya huu, nyuzi zinazovutika zaidi ni za nje, na za nje ndizo hasi. Ndiyo maana chaja nyingi huanza kufa upande wa hasi, huku ganda jeusi likionekana zima kabisa.

Tuangalie kona ya boksi. Kona hii ina mviringo mdogo sana, nusu kipenyo chake ni kama milimita 3. Waya una unene wa milimita 4. Ukiulaza juu ya kona hii na kuuvuta ukaze, ganda la upande wa nje linalazimika kurefuka kwa karibu asilimia 40. Waya huo huo ukiukunja katika duara lenye upana wa sentimita 10, upande wa nje unarefuka kwa asilimia 4 hivi. Tofauti ni mara kumi. Nyuzi za shaba hazirefuki kiasi hicho zote, kwa kuwa zimesokotwa na zinaweza kuteleza kidogo ndani ya ganda kukwepa mvuto. Hapo ndipo penye siri ya waya kudumu: nyuzi zikiwa na nafasi ya kuteleza, zinavumilia.

Mahali ambapo haziwezi kuteleza ni hapa shingoni. Mnaona huu mpira wenye mikatomikato pale waya unapotokea kwenye boksi? Kazi yake ni kuusambaza mpindo, usikusanyike mahali pamoja. Lakini ndani ya mpira huu nyuzi zimebanwa, hazina pa kwenda. Ukiuzungusha waya kwenye boksi kuanzia hapa hapa, unaupinda kwa pembe ya digrii 90 palepale mpira unapoishia, kisha unavuta. Kesho tena, kesho kutwa tena, mahali pale pale. Shaba ina tabia moja: kila ikipindwa na kunyooshwa inazidi kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inakatika, kama kipande cha waya unachokipinda mbele na nyuma kwa vidole mpaka kinaachia. Unakatika uzi mmoja, kisha wa pili, na zilizobaki zinabeba mzigo wa zilizokufa.

Nataka mpate picha ya mzigo huo. Tuseme nyuzi zimekatika mpaka ukinzani wa pale shingoni umefika nusu omu. Umeme wa ampia 3.33 ukipita hapo, zinapotea volti 1.7 hivi, na joto linalozalishwa ni wati 5 na nusu, yote kwenye kipande kifupi cha waya kisichofika urefu wa ukucha. Ndiyo maana mpira unalainika, unageuka rangi, wakati mwingine unanuka.

Sasa namna ya kukunja. Nikisema shingo, nina maana ya sentimita 15 za kwanza kutoka kwenye boksi. Hizo hazikazwi kamwe. Kwanza chomoa waya mnene wa ukutani, ule unaoingia upande wa pili wa boksi. Unachomoka kwa sababu maalumu, na ukiuacha umechomekwa unakuwa nyenzo ya kuvunjia soketi ndani ya begi. Ukunje peke yake. Plagi zetu za pini tatu zina pini nene za shaba. Zielekeze mbali na kioo cha laptopu.

Pili, shika boksi kwa mkono mmoja, acha waya utoke shingoni ukifuata upande ule ule mpira unakoelekea. Kama mpira umetoka ukiwa umelala upande wa kushoto, waya uende kushoto. Kisha urudishe waya kuelekea kwenye boksi kwa kitanzi kilicholegea, kidole gumba kipite ndani yake bila kugusa. Kitanzi hicho ndicho kinga yenyewe. Kikishakaa, hata ukiamua kuzungusha waya kwenye boksi, mvuto unaishia kwenye kitanzi, haufiki shingoni.

Mimi nashauri usizungushe kwenye boksi kabisa. Tengeneza duara pembeni, upana wa kiganja kilichofunguliwa, sentimita 10 mpaka 12. Waya wa mita 1.8 ukiacha zile za shingoni unatoa mizunguko minne au mitano tu, si kazi kubwa. Ila tazameni mkono wangu, kwa sababu hapa ndipo penye kosa la pili. Nikizungusha mizunguko yote kwa mtindo mmoja, halafu nikashika ncha mbili na kuvuta, oneni: waya umejisokota kama mkia wa nguruwe. Kila mzunguko umeingiza msokoto mmoja kamili. Mizunguko mitano, misokoto mitano, na nyuzi za soksi zile za hasi ndizo zinazosagana.

Dawa yake wanaijua mafundi wa sauti wanaokunja waya za maikrofoni kila siku. Mzunguko wa kwanza unakunja kama kawaida. Wa pili unaupindua mkono: kidole gumba kinatazama chini unaposhika waya, na ukirudisha mkono, waya unaoendelea unapita nyuma ya duara badala ya mbele. Wa tatu kawaida, wa nne pindua. Msokoto wa huu unafutwa na wa ule. Navuta ncha, na waya umenyooka wima. Angalizo moja: usiiache ncha ipenye katikati ya maduara wakati wa kukunjua, maana kila mzunguko uliopinduliwa utageuka fundo. Fundo likikazwa ni kona kali zaidi hata ya boksi.

Kwa kebo ya simu, mambo ni yale yale, ila kebo ya USB yenye unene wa milimita 3 na nusu inatosha duara la sentimita 7. Kanuni ninayoitumia ni kwamba nusu ya upana wa duara isipungue mara 10 ya unene wa waya. Zile kebo za kujikunja zenyewe ndani ya kikasha siziwezi kuzitetea. Zinaivunja kanuni hiyo kila zinapofanya kazi.

Vifungio sasa. Kiwaya cha plastiki kilichokuja na chaja ni cha kusafirishia tu. Ndani yake mna chuma chembamba, na mtu akikisokota mara tatu kinakula ganda; hapa mnaona alama ilivyobaki. Kitupeni. Mpira wa noti unavuta muda wote, hata chaja ikiwa imelala kabatini, na kwenye joto unaoza na kung'ang'ania ganda. Tai ya plastiki ina jino lisilorudi nyuma, kwa hiyo mtu hukaza mpaka mwisho bila kujua, halafu anahitaji kisu kuifungua, na kisu kinapita karibu na waya. Hiyo ni ya kufungia waya ukutani, si ya chaja inayokunjwa kila siku.

Utepe wa velkro ndio ushindi wa leo, na si kwa sababu ya bei. Upana wake wa sentimita 2 unasambaza mkandamizo, na unachagua mwenyewe ukaze kiasi gani. Kipimo: ukiufunga, uweze kupitisha kidole kidogo kati ya utepe na waya. Nunua wenye tundu upande mmoja, uvishe ncha ya pili ya waya, upande wa laptopu, ukae hapo hapo moja kwa moja. Usiufunge karibu na shingo. Velkro ina kasoro yake: inakusanya nyuzi za nguo na baada ya muda inaachia, isugue kwa mswaki mkavu.

Jambo jingine, subiri boksi lipoe kabla ya kulifunga. Ganda likiwa na moto ni laini, linashika umbo la kona na kubaki nalo. Na usichaji waya ukiwa bado umezungushiwa kwenye boksi. Kwa ampia 3 waya wenyewe haupati joto la kutisha, ila boksi linahitaji kupumua.

Je, utajuaje kama yako imeshaanza kukatika? Ichomeke kwenye laptopu iliyo na kazi nzito, halafu shika waya sentimita 3 kutoka shingoni na uupinde taratibu kila upande ukitazama alama ya kuchaji. Ikiwaka na kuzimika, umepata mahali. Pitisha vidole pia: sehemu moja fupi yenye joto kuliko waya wote ni dalili mbaya. Usidanganywe na mita ya fundi ikisoma volti 19.5 bila mzigo; nyuzi mbili zilizobaki zinatosha kuonyesha namba hiyo. Ipimwe laptopu ikila umeme.

Kwenye laptopu za Dell kuna dalili ya pekee. Adapta zake zenye pini ya mviringo zina uzi wa tatu mwembamba unaopita katikati ya pini, unaoitambulisha adapta kwa mashine. Huo ukikatika, umeme unafika lakini unapowasha unasomewa maneno haya:

```
The AC power adapter type cannot be determined.
```

Betri haichaji na mashine inakuwa nzito. Watu wengi hukimbilia kununua betri mpya, kumbe kosa liko kwenye waya.

Na kama taa ya boksi inazimika kila ukigusa waya, kisha inarudi ukichomoa ukutani na kuchomeka tena, maana yake nyuzi zilizokatika zimetoboa ganda la ndani, hasi na chanya zinagusana, na kinga ya boksi inakata umeme. Hapo usizungushie gundi ya utepe uendelee. Chomoa ukutani. Fundi anaweza kukata sentimita 5 za shingoni na kulehemu upya ndani ya boksi, kazi inayofaa ikiwa boksi ni zima na linafunguka bila kupasuka. Mwambie arudishe mpira wa shingo, au avishe mwingine, kwa sababu waya uliolehemewa bila mpira utakatika palepale pa kulehemu.